Alichofuta Yonas

Kwanza apa. Sema: neno hili likinitoka mdomoni, maji ya kisima yanichachie kooni. Umeapa? Haya, sogea, na huo mlango urudishe.

Mimi nami niliapa vivyo hivyo mbele ya Eunike, mkono juu ya Msahafu, kwamba mambo ya nyumba ile yataishia kifuani mwangu. Nikakaa nayo siku ile mpaka vitumbua vikaiva. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, na mimi mwenyewe nimezeeka, nisije nikafa nayo yakaniozea tumboni. Lakini wewe usiseme.

Eunike unamjua. Yule fundi cherehani wa nyumba ya bati jekundu hapa Same, ukishuka kutoka barabara kuu, iliyotazamana na uwanja wangu. Mumewe Joseph alifariki mapema, akamwachia binti mmoja, Hana, na mama mkwe mgonjwa. Mama mkwe huyo ndiye Raheli, shoga yangu wa miaka mingi. Eunike alimwuguza Raheli kama aliyemzaa, alimwosha, alimlisha uji kwa kijiko, na Raheli kabla hajakata kauli aliita wazee wa ukoo kutoka milimani akasema mbele yao: nyumba hii ni ya Eunike na Hana. Mwanawe mkubwa, Yonas, alikuwepo. Alitikisa kichwa juu chini kama mjusi, akasema, "Sawa mama, umenena."

Yonas ndiye mwenye duka la kutoa fotokopi karibu na stendi. Mtu wa kanisani, shati lake halina mkunjo. Amepanga kile kibanda, na kibanda ni kifinyu, na nyumba ya Raheli inatazama njia. Hilo liweke pembeni, tutalirudia.

Basi kituko cha kwanza kilikuwa kidogo. Raheli alikuwa na jiwe la kusagia alilotoka nalo kwao milimani alipoolewa. Lilikaa nyuma ya jiko, na tangu azikwe hakuna aliyeligusa. Mchana mmoja, jua la utosi, upepo wetu ule wa vumbi unapuliza, Eunike anatoka kuanua kanga, analikuta jiwe liko kizingitini. Limekaa sawasawa, kama mtu alilipakata akalilaza. Juu yake punje chache za mahindi, mbichi, zimelowa.

"Hana, nani kaleta jiwe hapa?"

Mtoto ana miaka minne. Jiwe lile linataka mwanaume mwenye mgongo.

Eunike alilirudisha kwa kulibingirisha, akaenda kuanua kanga zake. Kesho yake likarudi.

Halafu ikaja harufu. Ilikuja magharibi, mimi natoka kutawadha nikaisikia hadi kwangu: ubani, na ndani ya ubani kitu kama manyoya ya mbuzi yanayoungua. Ilikuwa inajaa ukumbini mwa Eunike, inashika kwenye vitambaa vya wateja, mpaka mama mmoja akarudisha gauni lake la harusi akisema linanuka kaburi. Wateja wakaanza kupungua mmoja mmoja. Mtaani neno likatoka kabla ya harufu kuisha: nyumba ya Raheli ina jini. (Usinitazame hivyo. Sikulianzisha mimi. Nililipokea tu nikalipitisha.)

Yonas alikuwa anakuja karibu kila jioni kumtazama shemeji yake. Anakaa kwenye kiti cha marehemu mama yake, kile cha mbao chenye mto mnene wa sufi, kwa sababu yeye ndiye mkubwa.

"Shemeji, mimi siwezi kukuambia uondoke," anasema. "Nyumba ni yako. Ila nakuonea huruma. Kwenu Kileo si kuna nafasi?"

"Nikienda Kileo, shemeji, wazee watasema nimeiacha."

"Watasema hivyo kweli," anasema Yonas, na anapuliza chai yake taratibu.

Hapo ndipo shida yote ilipokuwa. Ukoo ule, mwanamke akihama mwenyewe, mali inarudi kwa mkubwa. Hakuna wa kumfukuza Eunike. Ilibidi atoke kwa miguu yake.

Kisha sauti ikaanza.

Jioni moja niko naye ukumbini, tunachambua mchicha, Yonas ametoka kidogo uani kuongea na simu. Giza ndiyo linaingia, umeme haujawashwa. Tukasikia kutoka juu, darini, mtu anakohoa. Kikohozi cha Raheli. Mimi nimekaa na kikohozi kile miaka, kinaanza kama kinakwaruza sufuria halafu kinamalizika na mluzi mdogo. Mchicha ukaniponyoka.

"Eunike," ikasema sauti. "We Eunike... ondoka... nyumba yangu."

Sisi tunajua kwamba mwito wa kwanza wa gizani hauitikiwi, huenda si wa mtu hai. Nilimziba Eunike mdomo kwa kiganja changu, na chini ya kiganja nilisikia meno yake yanagongana, na sauti ile ikarudia tena vilevile, kikohozi kilekile, mluzi uleule, ikakatika ghafla kama imekatwa kwa wembe, na Yonas akaingia kutoka uani huku anauliza mbona tumekaa gizani.

"Umesikia?" Eunike akamwuliza kwa kunong'ona.

"Nini?"

"Mama."

Yonas akatazama juu, akajishika kifua. "Yesu wangu," akasema. "Shemeji, mchukue mtoto."

Toka siku hiyo Eunike akawa anashona kwangu, uani, cherehani imebebwa na mkokoteni. Anakwenda kwake kulala tu, na kulala kwenyewe taa inawaka. Aliyekuwa haogopi ni Hana. Hana alikuwa anarudi nyumbani mwenyewe adhuhuri kulala kwenye kitanda cha kamba cha bibi yake, chumba cha ndani, kwa kuwa kuna ubaridi. Mama yake akimkataza, anapotea tu, unamkuta huko.

Na siku moja akatoka huko amesukwa.

Mwanangu, hapa nisikilize vizuri. Asubuhi mtoto aliamka na nywele timutimu, mimi mwenyewe nilimwona, nikamwambia unafanana na kifagio. Adhuhuri anatoka chumbani na mistari imelala kichwani kama matuta ya tangawizi, myembamba, inaanzia sikio la kushoto inazunguka mpaka kisogoni. Hakuna msusi hapa Same anayesuka hivyo sasa. Ni ya kizamani. Raheli ndiye aliyekuwa anatusuka hivyo sisi wenzake, ujanani.

"Nani kakusuka?" Eunike aliuliza.

"Bibi."

"Bi Salama?" Akanigeukia mimi.

"Siyo huyu," Hana akasema, anacheka. "Bibi."

Yonas alipoambiwa jioni ile, nikamwona kitu usoni ambacho sikukielewa wakati huo. Kwa jiwe alikuwa ameguna, kwa harufu amesikitika, kwa sauti ameshika kifua. Kwa nywele akasema, "Nywele? Nywele gani?" Akamwita mtoto, akapitisha kidole juu ya ule msuko, akaondoa mkono haraka. Chai hakuimaliza.

Hata hivyo alisonga mbele. Akasema atawaandikia ndugu wote, kikao kikae Jumapili palepale nyumbani, na Mzee Habibu aitwe asome. Habibu ni mtu wetu wa msikitini, anaandika kombe, zile aya za kuoshwa kwa maji na kunywewa, anatoa majini, na ana sifa moja mbaya: hasemi uongo. Eunike alikubali. Alikuwa amekonda, macho yamezama. Aliniambia siku hiyo, "Bi Salama, wakisema nihame, nitahama. Siwezi kulea mtoto na kitu kinachomsuka."

Sasa tuje kwenye ule ujumbe.

Ukoo wao una kundi la WhatsApp, wameliita Msaragambo, kama ule mwito wa watu wote kutoka kwenda kuchimba mifereji milimani. Mimi nimo, Raheli alinitia kabla hajafa. Najua kusoma, si sana, nasoma polepole kwa kidole, lakini silazi ujumbe hata mmoja.

Yaliyotokea dukani niliyapata kwa Resian, binti wa Kimasai anayeshika mashine ya fotokopi kwa Yonas, alipokuja kununua vitumbua. "Shikamoo bibi." "Marahaba, kaa hapo, mbona unacheka peke yako?" Akanieleza yote.

Yonas, kumbe, ana tabia ya kujiandikia. Kwenye WhatsApp mtu anaweza kujitumia ujumbe mwenyewe, uzi wake na yeye, hakuna mwingine anayeuona. Humo ndimo anamoweka kila kitu: bei za karatasi, nyimbo za kwaya, vikumbusho. Na ule ujumbe wa kuita kikao aliuanzia humo, akiandika kipande leo, kipande kesho, na katikati anajikumbusha mambo yake. Jumamosi mchana akakaa kwenye kompyuta ya duka, ameifungua WhatsApp humo kwa kuiunganisha na simu. Akanakili yote kutoka kwenye uzi wake, akabandika kwenye kisanduku cha kundi, akikusudia kuusafisha palepale: atoe vikumbusho, aunganishe sentensi, ndipo autume. Kwenye simu yake, akitaka kushuka mstari anabonyeza kitufe kile cha kurudi chini, mstari unashuka. Kwenye kompyuta kitufe hicho hakishushi mstari. Kinatuma.

Akabonyeza.

Resian anasema aliruka kama ameketi kwenye siafu. Akaufuata ujumbe na kishale, akafungua kimshale cha pembeni, akachagua kufuta. Pakatokea machaguo: Futa kwa kila mtu. Futa kwangu. Na mteja wakati huo anagonga kaunta, "Kaka, cheti changu!" Akabonyeza huku anamgeukia mteja. Ujumbe ukatoweka machoni pake. Chini kabisa pakaja kaneno kadogo ka kutendua, kakakaa kidogo, kakaondoka. Yonas akajifuta jasho, akamwambia mteja, "Karibu."

"Alifuta kwake tu, bibi," Resian akasema, sukari mdomoni. "Kwake kumepotea. Kwenu wote mpo nao."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Aliniambia jana mimi mshamba, sijui kompyuta."

Kabla hata Resian hajafika kwangu, nilikuwa nimeshausoma. Simu ililia mfukoni mwa kanga, nikafungua, nikaanza na kidole. Ulikuwa hivi, naukumbuka kama sura ya Kurani:

*Ndugu zangu wa ukoo, Bwana asifiwe. Kwa moyo mzito naandika kuhusu nyumba ya mama yetu mpendwa (hapa mstari wa Biblia, tafuta wa faraja, usiwe wa kutisha)*

*Tangu mama alale kumekuwa na mambo yasiyo ya kawaida, majirani ni mashahidi (Bi Salama atasambaza, hahitaji kuambiwa)*

*- jiwe: basi, mgongo unauma*

*- harufu: dirisha la choo, manyoya kwanza halafu ubani. Mara moja kabla ya kikao*

*- sauti: tumia zile voisi za mama za mwaka jana, nimeshakata na kuunganisha. Spika iko darini juu ya ukumbi, CHAJI IJUMAA – tayari. Usiende mbali, ukipita ukuta wa pili bluetooth inakata*

*- Jumapili: wakishakaa wote, cheza mara moja tu. Simu iwe chini ya kofia*

*- Habibu: asome tu, asipande juu*

*Hivyo kwa usalama wa shemeji na mtoto napendekeza warudi Kileo na nyumba i (malizia vizuri, isionekane naitaka mimi)*

Hapo ndipo ulipoishia. Nyumba i.

Resian alipoondoka nilikimbia uani, mwanangu, na magoti haya. Eunike alikuwa kwenye cherehani, simu mkononi, anasoma. Hakulia. Alicheka, kicheko kidogo kikavu, akasema, "Mgongo unauma." Akarudia, "Mgongo unauma!" Tukacheka wote mpaka tukashikana.

Nikamweleza ya Resian, nikasema, "Ngoja nimjibu huyu mwana wa... ngoja nimwekee sauti kundini asikie."

Akaninyang'anya simu. "Usijibu! Ukijibu juu ya ujumbe huu, kipande chake kitatokea kwake ndani ya jibu lako, atajua haujafutika. Sasa hivi anadhani hakuna aliyeona."

Akampigia Mzee Elifasi, baba mdogo wa Yonas, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo kule milimani. Mzee alikuwa ameshausoma, anahema. Eunike akamwambia, "Baba, naomba mtu asiandike neno." Mzee akawapigia wote, mmoja mmoja. Kundi likakaa kimya kama shamba baada ya kuvuna.

Saa ya alasiri Yonas akatuma ujumbe wake safi. Zaburi juu, machozi katikati, Kileo mwishoni. Na ndugu wakajibu mmoja baada ya mwingine: *Amina. Amina kaka. Amina, tutafika.*

Tukavuka hadi kwake, Eunike akapanda juu ya stuli, akasukuma ubao wa dari, akatoa spika. Ndogo, kama andazi, ina vumbi na taa ya bluu iliyozimika. Akaigeuza mkononi. Nilidhani atafurahi. Badala yake akashuka taratibu, akauchukua tena ule ujumbe, akausoma kutoka juu mpaka chini, midomo inacheza, halafu kutoka chini kwenda juu.

"Bi Salama," akasema. "Nywele ziko wapi hapa?"

Nikasoma na mimi. Jiwe lipo. Harufu ipo. Sauti ipo. Hata mimi nipo. Nywele hazipo.

"Labda alisahau kuandika," nikasema.

"Mtu anayeandika mgongo unauma?"

Hatukucheka tena. Nje upepo ulikuwa unaburuta kitu bati kwa bati, na kutoka chumba cha ndani tukamsikia Hana anaimba ule wimbo wa kusagia ambao Raheli alikuwa anauimba, ambao mimi nilikuwa nimeusahau nusu, na mtoto akawa anauimba wote, na kila anapofika mahali pa kuitikia ananyamaza kidogo, kwa urefu uleule wa kuitikia, kana kwamba kuna anayeitikia ambaye masikio yetu hayamfikii, halafu anaendelea.

Jumapili baada ya ibada wakaja. Ukumbi ulijaa: Mzee Elifasi na fimbo yake, shangazi wawili, mabinamu, Mzee Habibu na kikapu chake cha kombe na maji ya waridi. Hana alikuwa amelala chumba cha ndani, nywele timutimu tangu mama yake alipomfumua ule msuko. Spika tulikuwa tumeiwasha na kuihamisha tangu asubuhi, nitakuambia ilipo.

Yonas alichelewa kidogo. Na kabla hajaingia ile harufu ikaja kutoka upande wa choo, manyoya kwanza halafu ubani, kwa mpangilio uleule. Shangazi mmoja akauma kanga yake asicheke. Yonas akaingia anapunga mkono mbele ya pua.

"Mmesikia hiyo? Bwana tusaidie." Akasalimia wakubwa wote, shikamoo, shikamoo, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha mama yake, akakaa. Akavua kofia akailaza mapajani.

Mzee Habibu akafungua Msahafu lakini hakuanza. Akavuta hewa puani.

"Mimi majini nayajua," akasema. "Jini lina adabu. Ukilisalimia, linaitikia. Hili nimelisalimia mlangoni, kimya. Ila..." Akageuza kichwa kuelekea mlango wa chumba cha ndani. "Ila nilipopita hapo, salamu yangu iliitikiwa. Na si na jini."

Watu wakajikunyata. Yonas akaigeuza kofia mapajani. Mzee Elifasi akasema, "Huko kwetu milimani, aliyelala kaburini haitwi bure, na kumtajataja ni kumwita. Ukimwita lazima uwe na la kumwambia. Usipokuwa nalo, atakuja kukuuliza."

"Ni kweli baba," Yonas akasema, "na ndiyo maana nasema shemeji apumzike Kileo, hali hii siyo..." Huku anasema, mkono wake wa kulia ukaingia chini ya kofia.

Tuliona kidole kinacheza chini ya kitambaa.

Kikohozi kikatoka. Kinakwaruza sufuria, kinamalizika na mluzi. Lakini hakikutoka darini.

"Eunike," ikasema sauti ya Raheli, chini ya makalio ya mwanawe. "We Eunike... ondoka... nyumba yangu."

Yonas alikuwa ameshainua macho kutazama dari, kama alivyojipangia. Akabaki hivyo. Akaona hakuna mwingine anayetazama dari. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye, kiti chake, mto wa sufi unaosema.

"Yonas," Mzee Elifasi akasema polepole. "Inua makalio."

"Baba, sijui hii ni..."

"Inua!"

Akainuka. Kofia ikaanguka, simu ikabaki mkononi inawaka, imeandikwa *Mama 3*, na kamstari kanatembea. Binamu mmoja akautoa mto, spika ikawa pale, taa ya bluu inakonyeza. Yonas akaichukua mwenyewe, sijui kwa nini, labda alitaka kuizima. Akawa amesimama katikati ya ukumbi, simu mkono huu, spika mkono ule.

Eunike hakupaza sauti. Akafungua simu yake akasoma. "Jiwe, basi, mgongo unauma." Shangazi akafungua yake: "Harufu, dirisha la choo." Binamu: "Simu iwe chini ya kofia." Mzee Elifasi akavaa miwani, akasoma la mwisho: "Isionekane naitaka mimi."

"Niliufuta," Yonas akasema. Ndilo neno lililomtoka kwanza. "Niliufuta ule!"

"Ulifuta kwako, shemeji," Eunike akasema.

Kulikuwa na kicheko kinataka kuja. Nilikisikia kinapanda kwenye chumba kizima. Lakini Mzee Habibu akainua mkono.

"Swali moja. Nywele za mtoto uliziandika wapi?"

Uso wa Yonas ukabadilika. Aibu ikaondoka, ikaingia kitu kingine, na akawa kama mtoto.

"Nywele sijagusa," akasema kwa sauti ndogo. "Haki ya Mungu. Mimi ni jiwe, na harufu, na hii. Nywele nilijua ni nyinyi. Bi Salama, si ni wewe? Niambie ni wewe."

Nikamwonyesha mikono. Vidole vyangu vina baridi yabisi tangu mwaka juzi, sisuki hata mkeka.

Yonas akabonyeza kitufe cha spika, taa ikafa. Akabonyeza simu, kioo kikafa. Na kimya kilichokuja baada ya hapo hakikuwa kimya cha watu kunyamaza tu, kilikuwa kimya cha chumba ambacho mtu mmoja zaidi ameingia na kila mtu anangoja amalize kukaa, na upepo wa nje ulikoma, na harufu ya manyoya ikatoka yote kwa mkupuo kama imefagiwa, ikaja badala yake harufu ya mafuta ya nazi na tangawizi aliyokuwa anajipaka Raheli magotini, na kutoka chumba cha ndani kitanda cha kamba kikalia, kwanza kwa uzito mdogo wa mtoto anayeshuka, halafu, baada ya kidogo, kwa uzito mwingine.

Mlango ukafunguka.

Hana akasimama pale, usingizi machoni, kitana kimechomekwa kichwani. Upande wa kushoto amesukwa, matuta membamba mpaka kisogoni. Upande wa kulia timutimu bado.

Akatutazama wote, akatafuta, kama mtoto aliyetumwa na ameambiwa asisahau maneno.

"Bibi ameacha kunisuka," akasema. "Anauliza, nani alikuwa anamwita?"

Mikono ilinyanyuka, wa Mzee Elifasi, wa shangazi wote wawili, wa Eunike, na huu wangu, na yote ikanyooka kwa mtu mmoja, aliyesimama katikati ya ukumbi wa mama yake, simu mkono huu, spika mkono ule.